Akaunti ya muuzaji inapofungwa Amazon: chanzo chake na rufaa inayoifungua

Kufungiwa akaunti ya muuzaji ni uamuzi wa mwenye soko la mtandaoni wa kuziondoa bidhaa za muuzaji mbele ya macho ya wanunuzi na kuzuia fedha zake mpaka jambo fulani lithibitishwe au lirekebishwe. Katika soko la Amazon, ambako Waswahili wengi waishio Marekani, Uingereza na Ujerumani wamefungua maduka yao, uamuzi huo humfikia muuzaji kwa barua pepe, na nakala yake hukaa ndani ya Seller Central, ukurasa anakosimamia duka lake. Tangu saa hiyo hauzi tena. Fedha za mauzo yaliyokwisha kufanyika kwa kawaida huzuiwa kwa siku 90, na huenda zikazuiwa zaidi kukiwa na shaka ya udanganyifu. Bidhaa zake zilizomo katika maghala ya Amazon zinaendelea kutozwa ada ya kuhifadhiwa. Oda alizopokea kabla ya kufungiwa, kama huwa anatuma mizigo mwenyewe, bado anawajibika kuzituma.

Kabla ya yote muuzaji anapaswa kutambua kilichofungwa ni nini hasa. Mara nyingi ni bidhaa moja iliyoondolewa sokoni huku akaunti ikiendelea kuuza nyingine. Mara nyingine ni akaunti nzima. Taarifa hizo mbili hufanana kwa maneno, na wengi huogopa kabla ya kuzisoma vizuri. Aliyeondolewa bidhaa moja hujibu kuhusu bidhaa hiyo peke yake. Akianza kueleza mambo ya akaunti nzima, humpa msomaji wa rufaa maswali ambayo hakuwa nayo.

Hali ya akaunti huonekana katika ukurasa uitwao Account Health. Hapo kuna alama, Account Health Rating, zinazoanzia 0 hadi 1000. Mwenye alama 200 au zaidi yuko salama na rangi yake ni ya kijani. Kati ya 100 na 199 rangi ni ya njano. Chini ya 100 ni nyekundu, na akaunti inaweza kufungwa. Alama hupungua kila kosa la kisera linapoandikwa, na uzito wa kosa ndio huamua zipungue kiasi gani.

Mbali na alama hizo, kuna vipimo vya utendaji. Kinachofunga akaunti nyingi za wauzaji wadogo ni kiwango cha oda zenye kasoro, ambacho hakitakiwi kufika asilimia 1 katika siku 60. Oda huhesabiwa kuwa na kasoro mnunuzi akitoa maoni mabaya ya nyota 1 au 2, akidai fedha zake kupitia dhamana ya A-to-z, au akiiomba benki yake irudishe malipo. Muuzaji mwenye oda 80 katika siku hizo 60 akipata dai moja tu amefika asilimia 1.25, naye amevuka mpaka. Mwenye oda 5,000 anaweza kupata madai 40 na bado akawa salama. Kwa hiyo muuzaji mdogo hana nafasi ya kupuuza hata lalamiko moja. Kwa wanaotuma mizigo wenyewe, vipo pia vipimo vya kuchelewesha, ambapo oda zilizochelewa zisifike asilimia 4, na vya kufuta oda kabla ya kuzituma, ambapo zisifike asilimia 2.5. Rufaa za aina hii ni nyepesi kuliko nyingine, kwa sababu chanzo kimeandikwa kwa tarakimu.

Chanzo cha pili ni utambulisho. Nchini Marekani, sheria iitwayo INFORM Consumers Act, iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2023, inayalazimisha masoko ya mtandaoni kuhakiki benki, namba ya kodi na mawasiliano ya kila muuzaji aliyefikisha mauzo 200 na mapato ya dola 5,000 katika miezi 12. Ombi la uhakiki huja na muda wa siku chache, na asiyejibu hufungiwa. Hapa jina huwa tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pasipoti imeandikwa Mohamed, bili ya umeme imeandikwa Mohammed, na taarifa ya benki imeacha jina la babu. Kwa jamaa zake huyo ni mtu mmoja, lakini kwa anayehakiki hati hizo ni za watu watatu. Dawa yake si barua ndefu. Ni kwenda benki na kwenye kampuni ya umeme, kuomba jina na anwani vilingane na kitambulisho herufi kwa herufi, kisha kubadili maelezo ndani ya Seller Central yafuate hati hizohizo, ndipo nyaraka zipakiwe zikiwa mpya, za rangi, na kingo zote za ukurasa zikionekana.

Chanzo cha tatu ni akaunti kuhusishwa na nyingine iliyokwisha kufungwa. Amazon hulinganisha kadi za benki, anwani, namba za simu, vifaa na mtandao unaotumika kuingilia. Mume aliyefungiwa mwaka juzi na mke aliyefungua duka lake mwaka huu katika nyumba ileile wanaweza kuhesabiwa kuwa muuzaji mmoja. Hata yule anayefungua akaunti mpya kwa jina la ndugu baada ya kufungiwa ya kwanza huishia hapohapo, na sasa ana akaunti mbili za kutetea. Njia inayofanya kazi ni kuirudisha akaunti ya zamani kwanza, au kuthibitisha kwa hati za usajili, benki na mkataba wa nyumba kwamba wenye maduka ni watu wawili tofauti.

Lakini taarifa inayowachanganya wauzaji kuliko zote ni ile inayosema bidhaa zao huenda si halisi. Neno la Kiingereza linalosomeka kwenye taarifa ni inauthentic. Muuzaji aliyenunua bidhaa yake katika duka kubwa linaloaminika husoma hapo kwamba ameitwa mwizi wa chapa, na rufaa yake ya kwanza inakuwa ya hasira. Kumbe Amazon haijasema kwamba bidhaa ni bandia. Imesema kwamba haiwezi kuthibitisha ilikotoka, na inamtaka muuzaji aonyeshe njia iliyopita kutoka kwa mtengenezaji hadi kwake.

Uthibitisho unaotakiwa ni ankara ya msambazaji iliyotolewa ndani ya siku 365 zilizopita. Iwe na jina, anwani na simu ya msambazaji, jina na anwani ya muuzaji kama zilivyo kwenye akaunti, jina la bidhaa linalotambulika, na idadi inayotosha mauzo yaliyofanyika. Bei inaruhusiwa kufichwa, ila vingine vyote vionekane. Wahakiki huangalia kama msambazaji yupo kweli, na huenda wakampigia simu. Risiti ya dukani haitimizi hayo. Inaonyesha kwamba mtu fulani alilipa, lakini haitaji mnunuzi ni nani, wala haionyeshi kwamba duka lile lilimuuzia ili naye akauze.

Tuchukue mfano wa muuzaji mmoja wa Minneapolis. Biashara yake ina bidhaa nne. Tatu hununua kwa msambazaji wa jumla aliyeidhinishwa na chapa, na ankara anazo. Ya nne ni vichwa vya mswaki wa umeme, ambavyo alivikuta kwenye mauzo ya punguzo katika duka la rejareja. Alinunua pakiti 96, akabandua vibandiko vya bei, akazipeleka ghala la Amazon na kuziorodhesha kuwa mpya. Ziliuzwa 58. Kisha akaunti nzima ikafungwa kwa madai ya bidhaa zisizo halisi, na taarifa ikataja vile vichwa vya mswaki kwa namba yake ya ASIN, ile ya tarakimu na herufi kumi inayotambulisha bidhaa ndani ya Amazon.

Rufaa yake ya kwanza aliituma usiku uleule. Alisema yeye ni mwaminifu, ana watoto, ameuza miaka mingi bila tatizo, na kwamba wanunuzi waliolalamika walitaka kurudishiwa fedha za bure. Aliambatisha picha za risiti. Jibu lilikuja fupi: maelezo hayatoshi. Kila alichosema kinaweza kuwa kweli, lakini hakuna hata sentensi moja iliyojibu swali aliloulizwa. Na lile la kuwalaumu wanunuzi lilimharibia zaidi, kwa sababu msomaji wa rufaa anatafuta dalili kwamba muuzaji amejua kilichotokea ili kisirudie. Anayesema hakuna kilichotokea ametangaza kwamba hatabadilisha kitu.

Kabla ya kuandika tena, kazi ni kutafuta chanzo, na chanzo hakipatikani kwa kukaa na kufikiri. Kimeandikwa. Seller Central ina ripoti ya bidhaa zilizorudishwa, yenye safu ya sababu na safu ya maoni ya mnunuzi. Ina ukurasa wa Voice of the Customer unaokusanya malalamiko ya kila bidhaa. Kuna ujumbe wa wanunuzi na maoni yao ya nyota. Muuzaji wa mfano huu alipofungua ripoti alikuta pakiti 5 zilizorudishwa. Mbili zilikuwa na maoni kwamba boksi lilionekana limefunguliwa. Moja ilisema kuna gundi ya kibandiko juu ya boksi. Moja ilisema kifungashio hakifanani na kile alichowahi kununua kwingine. Ya tano haikuwa na maoni.

Hapo jambo linajieleza. Bidhaa zilikuwa za kweli, lakini zilipita rafu za dukani, mikono ya wateja na vibandiko vya punguzo, na huenda nyingine zilitoka katika shehena za nyakati tofauti zenye vifungashio tofauti. Mnunuzi aliyelipia kitu kipya akapokea boksi lenye gundi alihisi ni bandia, akaandika hivyo. Mfumo ulichukua neno lake, ukaulizia asili ya bidhaa, na muuzaji hakuwa na ankara. Chanzo basi ni mahali alikonunulia na kutokagua kabla ya kutuma. Tabia za wanunuzi hazihusiki.

Katika hatua hii wengi huangukia kishawishi kibaya. Kuna watu mtandaoni wanaouza ankara zilizotengenezwa, na kuna wauzaji wanaobadilisha tarehe au idadi kwenye ankara halali kwa programu ya picha. Wahakiki wanaoona maelfu ya ankara hutambua mwandiko usiolingana, jumla isiyojumlika na msambazaji asiyejibu simu. Kosa la asili ya bidhaa linaweza kusameheka, lakini hati ya kughushi hugeuka kuwa kosa la udanganyifu. Akaunti iliyofungwa kwa udanganyifu ni nadra kurudi, na fedha zake zinaweza kuzuiwa moja kwa moja. Asiye na ankara aseme hana.

Rufaa yenyewe ina sehemu tatu, na Amazon huiita Plan of Action: chanzo cha tatizo, yaliyokwisha kufanyika kulitatua, na yatakayozuia lisirudie. Mpangilio huu si wa kupamba. Msomaji huenda akawa na dakika chache tu kwa kila barua, naye anazitafuta sehemu hizo tatu. Barua yenye salamu ndefu, historia ya kampuni na maombi humlazimisha kuchimba. Ukurasa mmoja unatosha. Huandikwa kwa lugha ya soko husika, kwa sentensi fupi, na mtu ambaye Kiingereza chake au Kijerumani chake si kizuri hana hasara iwapo mambo yenyewe yamekaa mahali pake. Kwa Kiswahili, barua ya pili ya muuzaji wa Minneapolis ingesomeka hivi:

"Chanzo. Kati ya bidhaa zangu nne, moja, vichwa vya mswaki wa umeme vyenye ASIN iliyotajwa kwenye taarifa yenu, niliinunua katika duka la rejareja kwenye mauzo ya punguzo, pakiti 96. Sina ankara ya msambazaji kwa bidhaa hiyo. Nina risiti za duka, nimeziambatisha. Pakiti zilikuwa na vibandiko vya bei nilivyovibandua, na sikukagua kila boksi kabla ya kulituma. Wanunuzi 5 walirudisha, na maoni yao yanataja maboksi yaliyofunguliwa, gundi na kifungashio tofauti.

Nilichofanya. Nimefuta tangazo la bidhaa hiyo. Nimeagiza pakiti 38 zilizobaki ghalani pamoja na 5 zilizorudishwa ziondolewe na kurejeshwa kwangu. Namba ya agizo la kuziondoa nimeiweka hapa chini. Nimepitia ujumbe wote wa wanunuzi wa bidhaa hiyo, na wote waliorudisha wamekwisha kurudishiwa fedha. Nimeambatisha ankara za bidhaa zangu nyingine tatu, zote za ndani ya siku 365.

Kitakachozuia. Sinunui tena bidhaa za kuuza katika maduka ya rejareja. Kila bidhaa mpya itanunuliwa kwa msambazaji aliyeidhinishwa na chapa, na ankara itahifadhiwa kabla tangazo halijafunguliwa. Kila mzigo utakaguliwa kabla ya kwenda ghalani, na boksi lenye alama ya kufunguliwa, gundi au mkunjo halitatumwa kama jipya. Kila Jumatatu nitasoma ripoti ya bidhaa zilizorudishwa, na bidhaa itakayolalamikiwa kifungashio au asili yake itasimamishwa siku hiyohiyo."

Barua hiyo haina ahadi ya aina ya "nitakuwa makini zaidi". Umakini haupimiki, ilhali Jumatatu inapimika. Inatumia kitenzi kilichotimia kwa yaliyokwisha kufanyika, na hilo ni muhimu, kwa kuwa "nitafuta tangazo" humwambia msomaji kwamba tangazo bado lipo. Kwa hiyo bidhaa hufutwa na agizo la kuondoa mzigo hutolewa kwanza, ndipo barua huandikwa. Tena haikani jambo ambalo ushahidi unalionyesha, wala haikiri lisilokuwepo. Muuzaji hakusema aliuza bidhaa bandia, kwa sababu hakuuza. Wapo wanaoshauriwa kukiri kila kitu ili wafunguliwe haraka. Kukiri kosa zito lisilofanyika hubaki kwenye kumbukumbu za akaunti.

Mpaka wa barua hii nao ujulikane. Vichwa vya mswaki havitarudi sokoni, kwa kuwa ankara haipo na haitapatikana. Kinachoombwa ni akaunti irudi na bidhaa tatu zenye hati safi. Kama bidhaa zote nne zingetoka dukani, barua nzuri kuliko zote ingekuwa na nafasi ndogo, kwa sababu biashara yenyewe isingekuwa na kitu cha kuthibitisha.

Malalamiko ya haki miliki yana njia yake. Pale mwenye chapa alipoandika kwamba jina lake, picha yake au hataza yake imetumiwa bila ruhusa, Amazon haiamui nani mwenye haki. Taarifa hubeba anwani ya barua pepe ya mlalamikaji, na kilicho bora ni yeye mwenyewe kuliondoa lalamiko. Muuzaji humwandikia kwa adabu, akieleza alikonunua na kuambatisha ankara, au akikubali kuacha kuuza, kisha huomba lalamiko liondolewe. Vitisho vya mahakama katika barua ya kwanza hufunga mlango huo.

Rufaa hutumwa kupitia kitufe cha Reactivate your account kilicho juu ya ukurasa wa Account Health. Baada ya kutuma, kazi ni kungoja. Anayetuma barua ya pili kesho yake na ya tatu keshokutwa, kila moja ikiwa na maelezo yaliyobadilika kidogo, hujitengenezea migongano, na wahakiki huona zote. Jibu la kuomba maelezo zaidi si kukataliwa. Lisomwe neno kwa neno, kwa sababu mara nyingi hutaja sehemu iliyopungua: chanzo hakikuelezwa, au ankara haisomeki. Kinachoongezwa ni hicho tu, juu ya barua ileile. Jibu likirudi bila kutaja kitu kipya, muuzaji arudi kwenye ripoti zake aone kama chanzo alichokitaja ndicho chenyewe, maana hapo ndipo rufaa nyingi hukwama. Wauzaji wengi pia wanaweza kuzungumza kwa simu na mtumishi wa kitengo cha hali ya akaunti kupitia ukurasa huohuo. Yeye hafungui akaunti, lakini anaweza kueleza kilichopungua katika rufaa.

Haki za muuzaji anapokataliwa kabisa hutofautiana kwa nchi. Mkataba wa Amazon wa Marekani unairuhusu kusimamisha akaunti papo hapo inapoona dalili za udanganyifu au madhara kwa wanunuzi. Masharti yake ya Ulaya yaliwahi kuwa makali zaidi, hadi mamlaka ya ushindani ya Ujerumani, Bundeskartellamt, ilipoyachunguza, na Julai 2019 Amazon ikakubali kuyabadili. Tangu tarehe 12 Julai 2020, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1150 inalitaka soko la mtandaoni limpe muuzaji sababu za kumsimamisha kwa maandishi, na kama linafunga akaunti kabisa, limwarifu siku 30 kabla, isipokuwa pale sheria inapolazimisha haraka au muuzaji amerudia makosa. Masoko makubwa yanalazimika kuwa na utaratibu wa ndani wa malalamiko usio na malipo, na kuwataja wapatanishi wa nje ambao gharama yao soko lenyewe hubeba sehemu ya haki. Muuzaji wa Berlin au Paris aliyekataliwa bila sababu kutajwa anaweza kuitaja kanuni hiyo kwa namba katika barua yake na kuomba sababu, kisha mpatanishi.

Aliyeko Marekani na aliyekataliwa mara ya mwisho hubaki na mambo mawili ya kusimamia. La kwanza ni kuagiza mzigo wake uondolewe ghalani mapema, kabla ada ya kuhifadhi haijaula mtaji. La pili ni kuomba malipo yake siku 90 zikitimia, kwa ombi fupi lenye tarehe ya kufungiwa, kiasi kinachoonekana kwenye ripoti ya malipo, na taarifa ya benki yenye jina lilelile la akaunti.